Namna ya kuigawa ripoti yako katika visanduku vinne vya bango la utafiti

Bango langu la kwanza nililitoa Moshi kwenda Arusha ndani ya kipande cha bomba la maji, nimelipakata kwenye Kosta kama mtoto. Lilikuwa na maneno zaidi ya elfu moja na mia tatu. Nilikuwa nimechukua ripoti yangu, nikakata sura zake nne, nikazimwaga kwenye visanduku vinne vyenye ukubwa sawa, nikaona nimemaliza kazi. Ukumbini akaja mzee mmoja, mtafiti wa siku nyingi. Akasoma mistari miwili, akaruka, akatafuta, kisha akachuchumaa mpaka magoti yakalia, kwa sababu Hitimisho lilikuwa kona ya chini kabisa upande wa kulia.

"Mwanangu," akaniambia akiwa bado kule chini, "hili jibu umemfichia nani?"

Tangu siku ile nimewasaidia wanafunzi wengi kupanga mabango, na karibu kila mara shida ni ileile. Vichwa vya visanduku huwa sahihi, yaani Utangulizi, Mbinu, Matokeo na Hitimisho, lakini ukisoma ndani unakuta matokeo yamekaa kwenye mbinu, mbinu imejipenyeza kwenye utangulizi, na maoni ya mwandishi yametapakaa kila mahali. Mwongozo huu ni wa kutenganisha hayo. Mfano nitakaoutumia nimeutunga mwenyewe, na namba zake ni za mazoezi tu: utafiti mdogo wa kuanika kahawa kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vya mteremkoni Kilimanjaro, kichanja cha wavu kikilinganishwa na turubai lililotandikwa chini.

Hatua ya 1: Jua ubao kabla ya kuandika neno

Waulize waandaaji mambo mawili: ukubwa wa bango na kama linasimama wima au linalala. Wengi huomba A0 iliyosimama, ambayo ni sentimita 84.1 kwa 118.9. Wengine huomba A1, ambayo ni nusu ya eneo hilo. Usikisie. Nimeona mtu amefika na bango la kulala mbele ya ubao mwembamba, ikabidi lining'inie hewani pande zote mbili kama nguo iliyoanikwa.

Kama unatumia PowerPoint, weka ukubwa kabla ya kubandika chochote: `Design`, kisha `Slide Size`, kisha `Custom Slide Size`, uandike 84.1 na 118.9. Ukianza na ukurasa wa kawaida ukaja kuuvuta mwishoni, herufi zako zote zitabadilika ukubwa na hesabu ya hatua ya 4 itakuwa bure.

Hatua ya 2: Paka ripoti rangi

Chapisha ripoti yako kwenye karatasi za kawaida. Chukua kalamu nne za rangi, moja kwa kila kisanduku. Sasa pita sentensi moja baada ya nyingine, na uipake rangi kwa kuangalia kazi inayofanya. Sura ambayo sentensi imetoka isikushughulishe. Hapa ndipo wengi hushtuka: ukurasa wa sura ya matokeo unatoka na rangi zote nne.

Namna rahisi ya kujua sentensi ni ya wapi ni kutazama kitenzi chake. Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Sentensi ya Utangulizi mara nyingi ina "hu": wakulima huanika, kahawa hupata ukungu, migomba hukinga jua. Inasema mambo yalivyo siku zote, hata kabla hujafika na daftari lako. Mbinu na Matokeo zote zina "li", kwa kuwa ni mambo yaliyokwisha kutokea, lakini mtendaji hutofautiana. Kwenye Mbinu mtendaji ni ninyi: tulipima, tulianika, tuligawa. Kwenye Matokeo mtendaji ni kitu mlichokichunguza: kahawa ilikauka, unyevu ulishuka, rangi ilibadilika. Hitimisho hurudi kwenye wakati uliopo, na hapo ndipo penye "huenda", "inaonesha" na "tunapendekeza".

Kipimo hiki kina mtego mmoja. Sisi wasomi tunapenda kuficha mtendaji: "upimaji ulifanyika", "ukusanyaji wa sampuli ulitekelezwa". Hapo kitenzi hakikuambii chochote. Geuza kwanza: nani alifanya? "Tulipima." Basi ni Mbinu, na papo hapo umepunguza neno moja.

Hatua ya 3: Kata sentensi kwenye viungo vyake

Kuna sentensi hazikubali rangi moja. Hizi ndizo zinazoharibu mabango, na ndizo nitakazokaa nazo kwa muda. Tazama hii kutoka kwenye mfano wetu:

"Upimaji wa unyevu ulifanyika kila siku kwa kutumia mita ya unyevu ambapo ilibainika kwamba kahawa iliyoanikwa juu ya kichanja ilifikia unyevu wa asilimia 11 baada ya siku 9 kutokana na hewa kupita chini yake, jambo linaloonesha kwamba wakulima wanapaswa kutumia vichanja."

Kwenye ripoti hakuna atakayeigombeza. Kwenye bango imebeba visanduku vitatu kwa mkupuo. Imeshonwa kwa nyuzi tatu, na nyuzi hizo ndizo mahali pa kukatia: "ambapo", "kutokana na" na "jambo linaloonesha". Ukizoea utaziona hizo na ndugu zake kila mahali, kama vile "hivyo basi", "hali iliyopelekea" na "kwa mantiki hiyo". Kila ukikutana na mmoja wao, weka mkwaju wa kalamu. Karibu kila mara upande wa kushoto na upande wa kulia ni wa visanduku tofauti.

Tukate.

Kipande cha kwanza, "upimaji wa unyevu ulifanyika kila siku kwa kutumia mita", kinakuwa "Tulipima unyevu kila siku kwa mita." Kinaenda Mbinu.

Kipande cha pili, kinachoanza na "ilibainika kwamba", kinakuwa "Kahawa ya kichanjani ilifikia asilimia 11 kwa siku 9." Kinaenda Matokeo. Neno "ilibainika" tumelitupa, maana kila kilichomo kwenye Matokeo kimebainika.

Kipande cha tatu, "kutokana na hewa kupita chini yake", ndicho chenye hila. Jiulize: je, tuliipima hiyo hewa? Hapana. Tulipima unyevu. Hewa ni maelezo yetu ya kwa nini, na huenda ni ya kweli, lakini hayatoki kwenye mita. Kwa hiyo hayana haki ya kukaa Matokeo. Yanaenda Hitimisho, na yanavaa "huenda": "Huenda hewa inayopita chini ya wavu ndiyo iliyoharakisha." Ukiliacha hilo kwenye Matokeo, mtu wa kwanza anayejua kazi atakuuliza uliupima vipi upepo, na utabaki unameza mate.

Kipande cha nne, "wakulima wanapaswa kutumia vichanja", ni pendekezo. Nalo ni la Hitimisho, ila kwanza tutaona kama matokeo yote yanaliunga mkono. Usilibebe kama lilivyo.

Maneno 41 yamegeuka sentensi tatu fupi na pendekezo moja linalosubiri. Fanya hivyo ripoti nzima. Inachukua jioni mbili, si chini ya hapo.

Hatua ya 4: Pima nafasi kwa rula kabla ya kuandika upya

Miongozo mingi ya mabango imeandikwa kwa lugha nyingine, na idadi ya maneno inayotajwa humo haitufai moja kwa moja. Neno letu moja, "hatutawapimia", ni sentensi nzima kwa wenzetu. Maneno yetu ni machache lakini marefu. Kwa hiyo hesabu mistari kuliko kuhesabu maneno.

Chukua A0 iliyosimama yenye safu tatu. Ondoa sentimita 3 za pambizo kila upande, na sentimita 2 kati ya safu na safu. Inabaki 74.1, ukigawa kwa tatu unapata safu ya sentimita 24.7. Ukiacha sentimita 1 ya nafasi ndani ya kisanduku kila upande, mstari una sentimita 22.7. Kwa herufi za pointi 28, ambazo ndizo ninazotumia kwa maandishi ya kawaida, mstari huo unabeba herufi kama 45 pamoja na nafasi zake, yaani maneno sita au saba ya Kiswahili. Kila mstari unakula karibu sentimita 1.2 kwenda chini. Basi maneno mia moja ni mistari kama 16, sawa na sentimita 19.

Upande wa kimo, ukitoa kichwa cha bango, pambizo na ukanda wa chini wa shukrani, safu moja hubaki na sentimita kama 88. Safu tatu ni 264. Mimi huruhusu maandishi yachukue chini kidogo ya theluthi moja, kiasi cha maneno 400 kwa bango zima. Sehemu iliyobaki ni ya vichwa vya visanduku, michoro, picha na uwazi wa kupumulia.

Hayo maneno 400 usiyagawe mia mia. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu wa mwanzo. Kwa utafiti kama huu wa kahawa ningetoa kama 80 kwa Utangulizi, 90 kwa Mbinu, 130 kwa Matokeo na 80 kwa Hitimisho, na akiba kidogo. Kama utafiti wako ni wa kupendekeza njia mpya ya kupima kitu, Mbinu ndiyo iliyo na habari, basi ipe chakula kingi na Matokeo yapungue.

Jambo la kuangalia hapa hapa: usinyooshe maandishi pande zote mbili. Kwa kuwa maneno yetu ni marefu na mstari unabeba sita tu, kompyuta itayatawanya maneno ili ijaze upana, na kisanduku kitatoboka mashimo meupe kama chandarua kibovu. Panga kushoto, acha kulia pawe na kingo zisizo sawa. Na kama programu yako inakata maneno mwisho wa mstari, izime, kwa sababu inakata kwa kanuni za Kiingereza na utapata "wakul-ima" badala ya "waku-lima".

Hatua ya 5: Andika kila kisanduku upya

Sasa weka ripoti pembeni. Andika kutoka kwenye vipande ulivyokata, si kutoka kwenye aya za zamani.

*Utangulizi.* Kazi yake ni moja: kumfikisha msomaji kwenye swali. Tupa historia ya zao la kahawa, umuhimu wake kwa taifa, na sentensi zote zinazoanza na "tangu enzi". Aliyesimama mbele ya bango lako Moshi hahitaji kuambiwa kahawa ni nini. Huu hapa wa mfano wetu:

"Mkulima akishamenya na kuosha kahawa yake, huianika mpaka unyevu ufike asilimia 11 hivi. Ikichelewa kukauka huweza kupata ukungu. Wapo wanaoanika juu ya turubai chini, wapo wenye vichanja vya wavu. Lakini ndani ya kihamba chenye migomba mingi, jua hufika kwa saa chache. Je, kahawa ya kichanjani hukauka mapema kuliko ya turubaini, kwenye vihamba vya wazi na vya kivuli?"

Ni maneno 57. Swali limekuja mwisho na limesimama peke yake. Kwenye bango nalikoleza wino. Liandike kwa maneno ambayo utayarudia neno kwa neno kwenye Hitimisho.

*Mbinu.* Hapa ndipo watu hujaza bila huruma. Kipimo changu: weka kile tu ambacho kama kingebadilika, matokeo nayo yangebadilika. Aina ya mita, saa ya kupima na unene wa kahawa iliyotandazwa vina uzito. Jina la programu uliyochorea grafu, barua ya kibali na namna ulivyosafiri hadi kijijini havina. Kibali kinakaa kwenye ukanda wa chini kwa mstari mmoja.

Mbinu pia ndicho kisanduku kinachokubali mchoro badala ya maneno. Chora visanduku vidogo vitatu vyenye mishale: vihamba 12 (9 vya wazi, 3 vya kivuli), kisha kilo 40 za kahawa iliyooshwa kutoka kila kihamba, kisha kilo 20 kichanjani na kilo 20 turubaini. Chini ya mchoro andika yale ambayo mishale haiwezi kusema:

"Kwa msimu mmoja tulitandaza kahawa kwa unene wa sentimita 3 na kuigeuza mara nne kwa siku. Tulipima unyevu kila siku saa 6 mchana kwa mita moja, mpaka ulipofika asilimia 11. Usiku tulifunika zote mbili."

Angalia kwamba hakuna matokeo hata moja. Ukiona namba kwenye Mbinu, jiulize kama uliijua kabla ya kuanza kazi. Vihamba 12 na kilo 40 tulivijua, maana tulivipanga sisi. Siku 9 hatukuijua. Iliyopangwa inakaa Mbinu, iliyopatikana inaenda Matokeo.

*Matokeo.* Badala ya neno "Matokeo" pekee kwenye kichwa, ongeza chini yake sentensi inayotamka lililopatikana, kwa herufi kubwa kuliko za kawaida, pointi 36 hadi 40: "Kichanja kiliwahi kwa siku 4 kwenye vihamba vya wazi, kwa siku 1 tu kwenye kivuli." Mtu anayepita na kikombe cha chai mkononi atasoma hiyo na atakuwa amepata utafiti wako.

Kisha mchoro. Mmoja wa kutosha, unaojaza upana wa safu. Kwa mfano huu ni nguzo nne: wazi kichanja siku 9, wazi turubai siku 13, kivuli kichanja siku 14, kivuli turubai siku 15. Andika namba juu ya kila nguzo ili mtu asilazimike kupiga jicho kwenye mhimili. Kosa la kawaida ni kuchora grafu, halafu kuweka jedwali lenye namba zilezile, halafu kuandika aya inayozisoma namba hizo kwa mara ya tatu. Maandishi yaseme yale ambayo mchoro hauoneshi:

"Tofauti ilionekana kuanzia siku ya tatu. Kwenye kihamba kimoja cha wazi, turubai lililowa mvua ya usiku na kahawa yake ilichukua siku 17, tumeihesabu. Hakuna kahawa ya kichanjani iliyoota ukungu. Turubaini ukungu ulionekana kwenye vihamba 2."

Ile ya siku 17 watu wengi huificha. Mimi naiacha wazi kwenye kisanduku, maana mchoro hauioneshi, na msomaji makini atauliza.

*Hitimisho.* Anza na jibu la swali, kwa maneno yaleyale ya swali. Halafu maelezo yenye "huenda", halafu mpaka wa unachokijua, halafu pendekezo. Usilete namba mpya hapa. Ikija namba ambayo haipo Mbinu wala Matokeo, ama irudishe inakostahili ama ifute.

"Kahawa ya kichanjani hukauka mapema kuliko ya turubaini kwenye vihamba vya wazi. Kwenye vihamba vya kivuli tofauti ni ndogo. Huenda hewa inayopita chini ya wavu husaidia pale tu jua linapotosha. Vihamba vya kivuli vilikuwa vitatu na msimu ulikuwa mmoja, hivyo hatuwezi kusema zaidi. Mwenye kihamba cha wazi tunamshauri kichanja. Mwenye migomba mingi atafute kwanza mahali penye jua."

Unaona lile pendekezo la "wakulima wanapaswa kutumia vichanja" limeishia wapi. Lilipokuwa limeshonwa kwenye sentensi ndefu lilionekana halina shaka. Lilipokaa peke yake karibu na matokeo ya kivuli, ikaonekana halifai kwa kila mtu.

Hatua ya 6: Vipange visanduku ili jicho lisipotee

Safu ya kwanza: Utangulizi juu, Mbinu chini yake. Safu ya kati yote ni Matokeo. Safu ya tatu, Hitimisho linakaa juu, usawa wa macho, na chini yake huja picha na mapendekezo ya kazi inayofuata. Bango la A0 likitundikwa, theluthi yake ya chini iko kati ya magoti na kiuno. Pale weka vitu ambavyo hutalia visiposomwa. Nilijifunza kwa magoti ya yule mzee.

Kuna ugonjwa wa jicho kuruka. Visanduku vikiwa na vimo sawa vinavyolingana kutoka safu hadi safu, msomaji hajui kama ashuke chini au avuke kulia. Atasoma Utangulizi, atavuka kwenda Matokeo, na Mbinu hataiona. Dawa yake ni ndogo: acha nafasi kati ya safu na safu iwe pana kuliko nafasi kati ya kisanduku cha juu na cha chini. Zile sentimita 2 za kati ya safu ziwekee sentimita 1 kati ya kisanduku na kisanduku. Jicho hufuata vilivyokaribiana. Na usihangaike kuvifanya vimo vilingane. Vikipishana ndivyo vizuri zaidi. Unaweza pia kuweka namba 1 hadi 4 kwenye vichwa, ingawa mimi naona mpangilio ukikaa sawa namba hazina kazi.

Rangi ya nyuma iwe moja kwa visanduku vyote, isipokuwa Hitimisho, ambalo ukipenda ulipe rangi nyepesi ya kulitofautisha. Yule anayeweka picha ya Mlima Kilimanjaro nyuma ya maandishi ajue kwamba theluji ni nyeupe na herufi zake nyeupe huko juu zitapotea.

Hatua ya 7: Ichapishe kwa A4 na umpe mtu asiyehusika

Kabla ya kulipia A0, hifadhi kwa PDF na uchapishe kwenye A4 moja stationari yoyote. A4 ni robo ya A0 kwa urefu na kwa upana, hivyo herufi zako za pointi 28 zitakuwa za pointi 7, kama maandishi madogo ya kwenye boksi la dawa. Ukiweza kuzisoma kwa shida kidogo bila kuvuta karatasi puani, ukutani zitasomeka vizuri. Usipoweza kabisa, umebana.

Halafu fanya jaribio ambalo kwangu ndilo hakimu. Kata vipande vya karatasi, ufunike vichwa vya visanduku vyote vinne. Mpe mtu ambaye hakuwa kwenye utafiti, mpangaji mwenzako au dada wa stationari, asome kila kisanduku na akuambie ni kipi. Akikosea Utangulizi na Hitimisho, maana yake swali lako halijawa swali au jibu lako halijawa jibu. Akisita kati ya Mbinu na Matokeo, itafute namba iliyovuka mpaka. Mara nyingi utaikuta kwenye sentensi iliyobaki na "ambapo" ndani yake.

Mwisho, siku ya kuchapisha, simama na fundi mpaka afungue faili. Mwambie asome ukubwa kwenye skrini: 84.1 kwa 118.9, bila kuvuta wala kubana ili ienee karatasi. Likitoka, chukua rula upime safu moja kabla hujalipa. Tofauti yake na sentimita 24.7 ikizidi nusu sentimita, limevutwa au limebanwa, na ni heri ujue ukiwa bado Moshi kuliko ukiwa umeshapanda Kosta ya Arusha.